Ratiba ya Marudio: Karatasi Tatu za Uhasibu, Oktoba hadi Novemba

Ratiba hii ni ya mtahiniwa aliyeajiriwa Tabora mjini, anayetoka kazini saa 9:30 alasiri, na anayefanya mtihani wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) kituo cha Dodoma. Uhasibu wa Fedha ni Jumanne 3 Novemba, Ukaguzi Jumatano 4, Kodi Alhamisi 5. Kila karatasi ni saa 3 na alama 100, yaani dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha, hama hata kama mizania haijalingana. Alama 4 za mwanzo wa swali jipya ni rahisi kuliko alama 2 za kutafuta kosa la swali la zamani.

Muda wa kila siku

Jumatatu hadi Ijumaa: saa 11:00 hadi 12:15 alfajiri kusoma mada, saa 2:00 hadi 4:00 usiku kujibu pasti pepa kwa kalamu. Jumamosi: saa 3:00 hadi 6:00 karatasi nzima, kisha saa 8:00 hadi 10:00 kusahihisha. Jumapili asubuhi pumzika; saa 10:00 hadi 12:00 jioni rudia maswali uliyokosa wiki hiyo, bila kuangalia majibu.

Kabla ya 5 Oktoba pakua mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, uichapishe steshenari. Umeme ukikatika usiku, karatasi na taa ya kuchaji vinatosha. Jibu kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndicho cha mtihani. Anayefanya mazoezi kwa Kiswahili huelewa mada vizuri, lakini siku ya Ukaguzi dakika zinamwishia akitafuta maneno.

Tenga daftari la makosa lenye safu nne: swali, nilichoandika, kilichotakiwa, sababu. Sababu iwe mahsusi. "Sikuwa makini" haikufundishi kitu. "Nimechukua 25% ya bei ya kuuzia badala ya gharama" inakufundisha.

Wiki ya 1, 5–11 Oktoba: Uhasibu unabeba uzito

Jumatatu: hesabu za kampuni moja zenye marekebisho (IAS 16, IAS 2, IAS 37). Jumanne: mtiririko wa fedha, IAS 7. Jumatano: Ukaguzi, hatari na majibu yake, ISA 315 na 330. Alhamisi: hesabu jumuishi. Ijumaa: kodi ya mshahara. Jumamosi wiki hii usifanye karatasi nzima; jibu maswali matatu ya Uhasibu kwa dakika 108.

Kwenye mtiririko wa fedha, ununuzi wa mali za kudumu hupatikana kwa kuziba pengo. Mali za mwanzo mwa mwaka milioni 84, uchakavu 12, thamani vitabuni ya iliyouzwa 5, za mwisho 97: ununuzi ni milioni 30. Kama swali lina ongezeko la tathmini la milioni 4, ununuzi unashuka hadi 26. Ongezeko hilo halikutoa fedha mfukoni, na wengi hulisahau kwa sababu limefichwa kwenye maelezo ya chini.

Kwenye hesabu jumuishi, kosa linalojirudia ni faida iliyobaki kwenye bidhaa ghalani. Kampuni mama imeuzia tanzu bidhaa za 12,000,000 kwa gharama kujumlisha 25%, na theluthi moja haijauzwa. Zilizobaki ni 4,000,000. Faida ya kuondoa ni 25/125 yake, sawa na 800,000. Anayeandika 1,000,000 amechukua 25% ya bei. Onyesha mahesabu ya pembeni hata ukiwa na haraka: msahihishaji hawezi kutoa alama za njia ambayo haioni.

Wiki ya 2, 12–18 Oktoba: Kodi, kisha Ukaguzi

Jumatatu: mapato ya biashara na posho za mali. Jumanne: VAT. Jumatano 14 ni Siku ya Nyerere, hakuna kazi: fanya karatasi nzima ya Kodi, saa 3:00 hadi 6:00. Alhamisi: ushahidi wa ukaguzi. Ijumaa: ripoti ya mkaguzi. Jumamosi: karatasi nzima ya Ukaguzi.

Angalia tarehe ya kila pasti pepa ya Kodi kabla ya kulinganisha jibu. Daraja la kwanza la kodi ya mshahara lilikuwa 9% na likashuka hadi 8% Julai 2021, hivyo kodi ya mtu mwenye 520,000 ilitoka 22,500 ikawa 20,000. Kizingiti cha kusajiliwa VAT kilipanda kutoka milioni 100 hadi 200 Julai 2023. Uhasibu nao una mtego wake: maswali ya ukodishaji ya kabla ya IFRS 16 kuanza kutumika 2019 yamejibiwa kwa IAS 17; yaruke.

Zoezi la mshahara: 1,250,000, mchango wa NSSF wa mfanyakazi 10%. Toa 125,000 kwanza. Kinachotozwa ni 1,125,000. Kodi ni 128,000 kujumlisha 30% ya 125,000, jumla 165,500. Ukisahau mchango unapata 203,000. Kwenye mapato ya biashara, rudisha uchakavu wa kihasibu ndipo utoe posho za mali za kisheria. Kufanya moja tu ni kosa la kila msimu.

Ukaguzi huangusha watu kwa majibu ya jumla. "Kagua wadaiwa" halipati alama. Andika kitendo, nyaraka na lengo: linganisha salio la wadaiwa wakubwa na malipo yaliyoingia benki baada ya mwisho wa mwaka, kuthibitisha kwamba deni lipo na linalipika. Kumbuka uelekeo pia. Kuthibitisha kuwepo, toka leja kwenda kwenye nyaraka. Kuthibitisha ukamilifu, toka nyaraka kwenda leja. Kuhusu ISA 705, uliza maswali mawili tu: kuna kosa, au ushahidi umekosekana? Je, athari imeenea? Isipoenea, ni hati yenye shaka. Ikienea, ni hati isiyoridhisha kwa kosa, au kushindwa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi.

Wiki ya 3, 19–25 Oktoba

Nusu karatasi kila usiku: Jumatatu Uhasibu, Jumanne Ukaguzi, Jumatano Kodi, Alhamisi Uhasibu, Ijumaa somo lenye makosa mengi daftarini. Dakika 90 kujibu, 30 kusahihisha. Jumamosi karatasi nzima ya Uhasibu. Alfajiri soma daftari, si kitabu.

Wiki ya 4, 26 Oktoba – 1 Novemba

Hakuna mada mpya. Jumatatu hadi Jumatano rudia maswali ya daftarini tu. Omba likizo ya Alhamisi 29 na Ijumaa 30 mapema, pamoja na siku za mtihani: Alhamisi karatasi nzima ya Kodi, Ijumaa ya Ukaguzi, zote kuanzia saa 3:00 asubuhi. Jumamosi saa mbili za hesabu jumuishi, kisha funga. Jumapili panda basi la asubuhi kupitia Itigi na Manyoni. Usisafiri Jumatatu; basi likiharibika njiani huna siku ya akiba.

2–5 Novemba, Dodoma

Jumatatu tembelea kituo, pima muda wa kufika. Kikokotoo kiwe cha aina inayoruhusiwa, ukiwa na kalamu tatu na kitambulisho. Jumanne na Jumatano ukitoka, usikae nje kulinganisha majibu. Kula, lala saa moja, soma makosa ya somo la kesho kwa saa mbili, na saa 3:30 usiku uwe kitandani. Alhamisi, kabla ya kugusa swali lolote la Kodi, tafuta viwango vilivyotolewa kwenye karatasi na uvipigie mstari: hivyo ndivyo utakavyotumia, hata kama kichwani una vingine.