Mapitio ya Kitabu: McLuhan, Reli na Mwafrika wa Redio

Kitabu: Understanding Media: The Extensions of Man
Mwandishi: Marshall McLuhan
Kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1964
Mapitio haya yameandaliwa kwa semina ya Nadharia za Vyombo vya Habari, shahada ya uzamili, Iringa

Kitabu hiki kina sura 33 na hoja moja. Sura saba za kwanza zinaijenga hoja hiyo, na 26 zinazofuata zinaitembeza huku na huko: neno la mdomo, maandishi, barabara, namba, mavazi, nyumba, fedha, saa, baiskeli, simu, redio, televisheni, hadi silaha. Msomaji mgeni atajiuliza mavazi yameingiaje humu. Yameingia kwa sababu McLuhan anahesabu kuwa chombo kila kitu kinachorefusha mwili au hisi za binadamu. Gurudumu ni mguu uliorefushwa, nguo ni ngozi ya ziada, na umeme ni mfumo wa fahamu uliotolewa nje ya mwili na kuizunguka dunia.

Kutoka hapo ndipo inapokuja kauli iliyompa umaarufu: chombo ndicho ujumbe. Haimaanishi kwamba maudhui hayapo. Inamaanisha kwamba tukishindana juu ya ubaya au uzuri wa kipindi fulani, tunaacha kuona kile ambacho chombo chenyewe kimeshabadilisha: kasi ya maisha, ukubwa wa mambo tunayoweza kufanya pamoja, na namna tunavyohusiana. Mfano wake wa taa ya umeme ndio ulionishika. Taa haina habari yoyote ya kutoa, lakini imeuondoa usiku kama mpaka wa kazi. Iwe inamulika chumba cha upasuaji au mchezo wa mpira, mabadiliko makubwa ni yale yale.

Mfano wake wa pili ni reli, na hapa sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaweza kumpima. Anasema reli haikuleta usafiri wala gurudumu, ila iliongeza kasi na ukubwa wa shughuli zilizokuwapo, ikazaa miji na kazi za aina mpya, bila kujali behewa limebeba nini. Mtu aliyekaa Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu na njia ya Songea inapochepuka, hatambishia sana. Iwe shaba ya Zambia, mbolea au abiria wa Mlimba na magunia yao, makutano yale yametengeneza mji wa biashara. Mpaka hapo McLuhan anapita.

Lakini kwa nini reli hiyo ipo? Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita zipatazo 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa sababu serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia ikahitaji njia ya kufika baharini isiyopita kusini. Wafadhili wa Magharibi walikataa kuigharimia, China ikatoa mkopo usio na riba. Ukiondoa siasa hizo, hakuna reli. Kitabu kizima cha McLuhan hakina mahali pa kuweka habari ya namna hii. Kwake teknolojia hutokea tu, kisha watu hubadilika. Nani aliamua, nani alilipa, nani alikataa, hayo hayaulizwi. Mhakiki wa utamaduni Raymond Williams alimkosoa kwa jambo hili hili mwaka 1974 katika kitabu chake kuhusu televisheni, na kwa maoni yangu McLuhan hana jibu la kutosha.

Mgawanyo wake wa vyombo vya moto na vya baridi nitaupitia haraka kwa sababu haunisaidii. Chombo cha moto, kama redio, filamu na kitabu, hujaza hisi moja kwa taarifa nyingi na kumwachia mpokeaji kazi ndogo. Cha baridi, kama simu, televisheni na maongezi, humtaka mpokeaji ajazilize mwenyewe. Inapendeza hadi uijaribu. Redio tuliyokua nayo ilikuwa na vipindi vya salamu: watu walinunua kadi, wakajaza majina ya ndugu na marafiki, wakazituma kwa posta, kisha wakakaa kusubiri kusikia wametajwa. Kazi ya msikilizaji hapo ilikuwa ndogo kweli? McLuhan mwenyewe anakiri kwamba chombo cha moto huleta matokeo tofauti kikiingia katika jamii ya baridi, yaani isiyotegemea sana maandishi. Lakini kwa kukiri hivyo anakuwa amejipa ruhusa ya kuwa sahihi kila mara, na hilo kwa nadharia ni udhaifu.

Hiyo jamii ya baridi ndiyo inatuhusu. Katika sura ya kwanza anasimulia, akimnukuu mtafiti Leonard Doob, habari ya Mwafrika aliyejitahidi kila siku kusikiliza taarifa ya habari ya BBC ya saa moja jioni ingawa hakuielewa. Mlio wa maneno ulimtosha, anasema McLuhan, kama watu wa Magharibi wanavyosikia muziki. Kisha anaongeza kwamba wazee wa hao watu wa Magharibi wa karne ya 17 walikuwa na mtazamo huo huo. Kwa sentensi chache msikilizaji huyu anarudishwa nyuma miaka mia tatu, na hakuna anayemuuliza kwa nini anasikiliza. Huenda alikuwa anajifunza lugha ya ofisini. Huenda redio ilimpa heshima mbele ya majirani. Sura ya redio nayo inaiita ngoma ya kabila, kana kwamba sauti ikifika kwetu lazima iamshe ukabila.

Historia yetu ya redio inasema vingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi. Watu walisikiliza, wakasoma au kusomewa, wakajadili malaria au kichocho, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ngoma ya kabila gani hiyo? Na maudhui yalikuwa na uzito wake: bila somo la choo, redio ile ile isingechimbisha shimo hata moja.

Pamoja na hayo, sitaki semina ikitupe kitabu. Sura ya nne, ya Nasisi, kijana wa hekaya za Wagiriki aliyeganda mbele ya taswira yake kwenye maji bila kujua ni yeye mwenyewe, inaeleza jinsi chombo kinavyotutia ganzi, na ukipanda daladala ya Mwanjelwa ukatazama shingo zilizoinamia simu utaona kwa nini bado inasomwa. Sura ya tano, ya vyombo vinapokutana na kuzaa nguvu mpya, ndiyo ningeitumia kuchambua redio, kitabu na kikundi cha Mtu ni Afya. Inaeleza kampeni ile vizuri kuliko sura ya redio yenyewe. Kwamba chombo bora cha kumsahihisha McLuhan kimo ndani ya kitabu chake ni jambo la kumpa sifa.

Mtindo utawachosha wengi. Alikuwa mwalimu wa fasihi, anaruka kutoka Shakespeare hadi tangazo la biashara bila kuaga, na ushahidi mara nyingi ni methali nzuri tu. Kwa kikao chetu napendekeza tusome sura ya kwanza, ya nne, ya tano na ile ya redio, sambamba na sura ya kwanza ya kitabu cha Williams. Sura ya pili, ya moto na baridi, asome anayetaka kuitetea, na aje na mfano wa hapa kwetu.