Picha ya Tatu

Saa saba kasoro usiku aliyenigongea mlango hakuwa mgonjwa, alikuwa mgambo. Aligonga kwa rungu, akasema ana watu watatu na karatasi moja ya polisi.

Nilikuwa nimetoka kumpiga picha dereva wa bodaboda aliyevunjika paja, na chai yangu ilikuwa bado imefungwa kwenye chupa. Hospitali yetu ya wilaya iko chini ya Milima ya Usambara, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, kwa hiyo usiku wetu ni wa ajali: pikipiki, malori ya katani, mlevi aliyelala barabarani. Zamu ya usiku chumba cha mionzi tunakaa mtu mmoja. Daktari bingwa wa kusoma picha hatuna. Mimi napiga, afisa tabibu wa zamu anasoma, na tukishindwa kuelewana tunasubiri asubuhi.

Karatasi ilikuwa PF3. Ibrahimu, mwaka mmoja na miezi saba, "amepigwa kwa mwiko mguu wa kulia na msichana wa kazi". Chini yake Daktari Mbwambo alikuwa ameandika ombi la picha ya mguu, mbele na ubavu.

Kwenye benchi walikaa kwa mpangilio ambao hauhitaji maelezo. Mama amempakata mtoto upande huu, msichana amejikunyata upande ule, katikati mgambo kama ukuta wa mpangaji.

"Shikamoo, dada," msichana alisema. Ndiye pekee aliyenisalimia kabla ya kuulizwa jina.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Tatu."

"Usiongee naye," mama akaniambia. "Atakudanganya kama alivyonidanganya mimi. Narudi kutoka sokoni namkuta mtoto hakanyagi. Anasema kajikwaa. Kajikwaa! Kwenye kibaraza chenye ngazi moja? Na mwiko nimeukuta uani, umevunjika."

"Niliuvunja kwenye ugali jana," Tatu alisema, akiitazama sakafu.

Mtoto wa umri ule hawezi kulazwa mezani akaambiwa atulie. Lazima mtu amshike. Nikamwita mama pembeni, nikamuuliza swali ambalo kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa anaulizwa kabla hajaingia kwangu. Akatazama nyuma kwanza.

"Miezi miwili," akanong'ona. "Baba Ibra mwenyewe hajui, yuko safarini Tunduma na lori."

"Basi huwezi kuingia."

Mgambo nikimtazama akaanza kurudi nyuma, akasema yeye na vyumba vya umeme hawapatani. Muuguzi wa zamu alikuwa leba. Nikamuuliza Tatu umri wake. Kumi na tisa, na hana mimba. Nikamwambia mama, kwa sauti ya kazi, kwamba atakayemshika ni huyu au tungoje kukuche.

Sikuwahi kuona mtu akimkabidhi mwenzake mtoto kwa uzito ule. Mikono ilimtoa, macho hayakumwachia.

Nikamvalisha Tatu aproni ya risasi. Ina uzito, na jina lake huwashtua watu. Wengine huuliza kama ndani mtapigwa bunduki. Yeye hakuuliza kitu. Alimlaza Ibra mezani, akamwimbia kitu kwa Kinyaturu, na mtoto akanyamaza, kidole mdomoni. Hilo silihesabu. Nimeshaona mtoto akimng'ang'ania shingoni mtu aliyemchoma kwa maji ya moto. Mtoto humshika aliyepo.

Picha ya mbele, picha ya ubavu. Nikarudi nyuma ya kioo, nikavuta kiti.

Safi. Mfupa wa ugoko umenyooka, mwembamba wa pembeni umenyooka, kifundo sawa, goti sawa. Kwa mtu mwenye foleni, kazi imeisha.

"Dada," Tatu aliita kutoka ndani, aproni bado mwilini. "Ikiwa haijavunjika, wananiachia?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Picha safi, tabibu anaandika hakuna mvunjiko, mgambo anakwenda kulala, mama anarudi nyumbani na dawa ya maumivu na hasira yake. Kesho bibi wa jirani anakuja na mafuta ya nazi kuuchua mguu, na kuukanda, na kuuvuta.

Lakini kuna jambo lilinisumbua. Wakati namweka sawa, nilikuwa nimempapasa. Goti nililigusa, akanitazama tu. Kifundo nilikikunja, akanitazama tu. Nilipouzungusha unyayo kidogo kuelekea ndani, alipiga yowe lililomfanya mgambo asimame kule nje. Mtoto wa deko halii hivyo, kwa mzunguko mmoja tu na si kwa mingine.

Picha ya tatu haikuombwa. Kila mnunurisho lazima uwe na sababu, na sababu yangu ilikuwa yowe. Nikapima: mguu wa mtoto unataka mionzi kidogo sana, na kosa la kuurudisha nyumbani ukiwa umevunjika ni kubwa kuliko hiyo. Pia nilijua nikikipata ninachokitafuta, huyu binti aliyevaa aproni yangu hatarudi nyumbani usiku ule. Nilikaa na hilo kwa muda ambao sitausema.

"Tatu, mlaze tena. Nauinamisha mguu kidogo kwa ndani."

Nikauzungusha kama nyuzi arobaini na tano, polepole, mtoto akilia na Tatu akilia pia bila sauti, na nikapiga.

Nilipoifungua picha sikuona kitu. Nikaikuza. Nikaongeza weusi, nikapunguza. Theluthi ya chini ya ugoko, pale mfupa unapoanza kupanuka kuelekea kwenye kifundo, kulikuwa na mstari. Mstari nasema kwa heshima. Ulikuwa kama unywele wa paka ulioanguka kwenye kioo, nikajikuta nafuta skrini kwa kanga. Haukufutika. Ulianzia upande mmoja, ukashuka kwa kuzunguka, ukapotelea kabla ya kufika upande wa pili.

Kuna mfereji wa mshipa wa damu ndani ya mfupa huu ambao umewadanganya wengi, nikiwamo mimi mwaka wangu wa kwanza kazini. Ule huwa juu, karibu na goti, na kingo zake zimetulia kama kingo za kitu kilichozaliwa hapo. Huu ulikuwa chini na kingo zake zilikuwa kali.

Nikamwita Daktari Mbwambo. Alikuja na glavu moja mkononi, akainama, akatazama mahali nilipoweka kalamu.

"Aisee." Kisha, baada ya kimya: "Umezunguka. Huu umesokotwa. Mtu kaushika mguu akausokota."

Nilijua atasema hivyo. Wote tumefundishwa kwamba mfupa wa mtoto ukivunjika kwa kusokotwa, mtazame mtu mzima. Na kwa mtoto asiyetembea ningekuwa wa kwanza kupiga simu ustawi wa jamii.

"Huyu anatembea, daktari. Mfupa mwembamba mzima, hakuna kilichohama, na uko chini huku. Huu ni ule mvunjiko wa mtoto anayeanza kukimbia. Umeandikwa tangu 1964. Unyayo unakwama, mwili unaendelea na safari, mfupa unajisokota. Hauhitaji mtu wa pili."

"Na mwiko?"

"Mwiko ungepiga mahali pamoja. Mfupa ungepasuka kwa kukatiza, au ungebonyea, na ngozi ingesema. Umeiona ngozi?"

Hakuwa ameiona yote. Usilaumu; alikuwa na mjamzito anayetoka damu na bodaboda mwenye paja. Tukamvua Ibra nguo zote palepale mezani, taa zote zikiwa zimewashwa. Mgongo, makalio, nyuma ya masikio, ndani ya midomo. Tukakuta madoa ya mbu na kovu la chanjo begani. Akampapasa mbavu moja moja. Mtoto akacheka, maana alidhani anatekenywa.

"Haithibitishi kwamba hakumpiga," Mbwambo alisema.

"Haithibitishi. Na sikuambii uandike hivyo."

Tatu alikuwa amesimama kwenye kona na aproni yake, tumemsahau. Mbwambo akamgeukia. "Alianguka vipi? Sema polepole."

"Alivaa kandambili za mama. Anazipenda, anaziburuta. Alikuwa anashuka pale kibarazani kunifuata kwenye kamba ya nguo. Moja ikanasa kwenye ufa wa sementi. Hakuanguka sana, dada. Alikaa tu. Ndiyo maana nikasema kajikwaa. Sikuona kishindo."

Mbwambo akarudi kwenye picha, akaitazama tena, sasa kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kisha akaivuta ile PF3, akaandika kwa herufi kubwa zisizo zake: mfupa wa ugoko wa kulia umevunjika kwa kujisokota, haukuhama, hakuna jeraha wala alama ya kipigo mwilini, aina hii huweza kutokea mtoto anapojikwaa. Akapiga muhuri. Neno "huweza" alilipigia mstari. Mimi nisingelipigia, lakini karatasi ilikuwa yake.

Nje, alimweleza mama mwenyewe. Aliposema umevunjika, mama alimgeukia Tatu na kidole tayari. Aliposema kandambili, kidole kilibaki hewani, na wote wanne tukajikuta tunamtazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

"Aliniambia hivyo," akasema. "Nikasema kandambili haivunji mfupa."

Hogo likafungwa saa nane na nusu, kuanzia juu ya goti mpaka vidoleni, wiki tatu hadi nne, aje aonwe wiki ijayo. Anayemshika alikuwa Tatu tena, safari hii bila mtu kuamua. Nikaurudisha mlango wangu nusu ili nimalize kuandika daftari: picha tatu, nikaeleza ya tatu ilikuwa ya nini, nikatia sahihi. Chai ilikuwa imepoa.

Mgambo alikuwa wa kwanza kuuliza. "Sasa mama, huyu namrudisha kituoni, au vipi? Mimi nafuata la kwako."

Mama Ibra alifunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Atanisaidia kumbeba. Hilo hogo zito."

Hakumwangalia alipokuwa akisema. Tatu alikuwa ameshamweka Ibra begani, mguu mweupe ukining'inia mbele ya kifua chake, na mtoto alikuwa amelala mdomo wazi.

"Nitambeba mpaka nyumbani, mama," alisema, kwa adabu ileile aliyonisalimia nayo. "Kukipambazuka naomba mshahara wangu wa miezi minne. Basi la Singida linapita saa mbili."

Mgambo akakohoa. Kule getini ilisikika pikipiki ikiingia kwa kasi na watu wakipiga kelele, nikasimama kuwasha mashine.