Maneno ya kocha mapumzikoni, kwa mliobaki Moshi

Ndugu zangu wa mitihani, wa zamu, na wewe mwenye goti, habari za jioni. Tumerudi salama kutoka Arusha, matokeo mmeshayasikia: 1-1. Kocha kaniagiza niwaandikie aliyosema mapumzikoni tukiwa nyuma 1-0, maana Jumamosi tunarudiana na haohao pale Ushirika na baadhi yenu mtaanza. Enka yangu bado, kwa hiyo nilikaa benchi na daftari.

Alianza na goli. Walirusha mpira, straika wao kasimama peke yake nyuma ya mabeki wetu, sisi tukanyoosha mikono kwamba kaotea. Mpira wa kurusha hauna kuotea! Kocha akauliza nani alikuwa hajui; safari hii hakuna mkono ulionyooshwa. Wakirusha, namba nne amshike huyo straika, namba tano abaki nyuma yake. Goli kiki na kona ni hivyohivyo, hakuna kuotea.

Shida kubwa ilikuwa katikati. Wao wanacheza 3-5-2, sisi tuliingia na 4-4-2, kwa hiyo pale kati wako watatu, sisi wawili. Sita na nane wetu walikimbia kama wanaofukuza kuku. Kocha akapanga vizibo vya soda juu ya benchi, akasogeza kimoja tu: namba kumi ashuke amkabe sita wao kila mpira ukiwa kwao. Tisa anabaki peke yake mbele, na asiwakimbilie mabeki. Afunge njia ya kulia kwao ili mpira uende kwa beki wao wa kushoto. Yule hana mguu wa kushoto, lazima ageukie ndani, na ndani kumi anamsubiri.

Mpira ukifika kwa winga wao, anayemfuata ni saba wetu. Namba mbili ABAKI. Kipindi cha kwanza alipanda, na mara tatu (nilihesabu) straika wao wa pili alikimbilia pengo aliloliacha.

Sita aliuliza, je, nane wao akishuka hadi kwa kipa? Kocha: "Mwache. Kutoka kule hawezi kutufunga."

Tukinyang'anya, pasi ya kwanza iende nyuma ya mawinga wao, maana hupanda wote wawili kwa pamoja. Krosi iwe ya chini, mabeki wao ni warefu. Goli letu lilikuja hivyo: nane kanyang'anya, kampenyezea kumi na moja, krosi ya chini, kumi kamalizia.

Kuhusu pumzi, kuna aliyelalamikia hewa ya Arusha. Kocha hakumjibu, alimtazama tu.

Mazoezi Alhamisi saa kumi jioni. Mnaocheza saba, tisa na kumi mfike saa tisa na nusu, vizibo vitakuwepo.