Makubaliano ya Viwango vya Huduma kati ya Kitengo cha TEHAMA na Idara za Hospitali

Makubaliano haya yanaanza tarehe 1 Julai 2025 hadi 30 Juni 2026. Wahusika ni Kitengo cha TEHAMA kwa upande mmoja na, kwa upande wa pili, idara za Wagonjwa wa Nje, Wodi, Maabara, Famasi, Mapokezi na Uhasibu.

1. Huduma zinazohusika

Mfumo wa taarifa za wagonjwa, mtandao wa ndani, kompyuta na printa, akaunti za watumiaji, pamoja na mawasiliano na mfumo wa malipo ya serikali, GePG, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mashine za maabara na mionzi haziko humu. Hizo ni za mafundi wa vifaa tiba, ila waya wa mtandao unaozifikia ni wetu, Kitengo cha TEHAMA.

Mfumo wa wagonjwa utapatikana kwa asilimia 99.5 ya kila mwezi. Kwa mwezi wa siku 30, maana yake usizime zaidi ya saa 3 na dakika 36. Matengenezo yaliyotangazwa siku 3 kabla, na kufanyika kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri, hayahesabiwi.

2. Kutoa taarifa

Tatizo linaandikishwa kwenye dawati la msaada, nalo linapewa namba ya tiketi. Tatizo la daraja la 1 lipigiwe simu kwanza, namba ya ndani 114, tiketi ifuate. Ujumbe wa WhatsApp kwa fundi unayemfahamu si taarifa: akiwa likizo, hakuna atakayejua.

Dawati lina watu saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Nje ya hapo yupo fundi wa zamu, kwa daraja la 1 na la 2 tu.

3. Madaraja na muda

| Daraja | Mfano | Kuitikia | Kutatua |
|---|---|---|---|
| 1 | Mfumo umezima hospitali nzima. Mapokezi hawawezi kutoa kumbukumbu namba za malipo | Dakika 15 | Saa 2 |
| 2 | Idara moja imekatika mtandao. Majibu ya maabara hayafiki kwa daktari | Dakika 30 | Saa 4 |
| 3 | Kompyuta au printa moja imegoma | Saa 2 za kazi | Siku 1 ya kazi |
| 4 | Akaunti mpya, ripoti mpya, kuhamisha kifaa | Siku 1 ya kazi | Siku 5 za kazi |

Kuitikia ni fundi kuzungumza na aliyetoa taarifa. Ujumbe unaojituma wenyewe hauhesabiwi. Daraja linapangwa kwa madhara kwa wagonjwa, si kwa cheo cha anayelalamika. Kompyuta ya daktari bingwa iliyogoma peke yake ni daraja la 3. Idara isipokubaliana na daraja, Muuguzi Mkuu wa zamu ndiye anayeamua, na kazi inaendelea wakati akiamua.

Hitilafu ikiwa GePG au kwenye mfumo wa bima, hatuwezi kuahidi muda wa kutatua. Tutatoa taarifa kila dakika 30, hata kama hakuna jipya.

4. Kupandisha suala ngazi ya juu

Kwa daraja la 1, dakika 30 zikipita bila chanzo kujulikana, fundi anampigia Mkuu wa Kitengo. Saa 1 ikipita, Mkuu wa Kitengo anamjulisha Katibu wa Afya. Saa 2 zikipita, suala liko mezani kwa Mganga Mfawidhi, na kampuni yenye mkataba wa seva inaitwa siku hiyo hiyo. Kwa daraja la 2, muda huo ni mara mbili. Daraja la 3 na la 4 likipitiliza, mkuu wa idara anamwandikia Mkuu wa Kitengo, naye atajibu ndani ya siku 1 ya kazi.

Fundi asiyepandisha suala kwa wakati amevunja makubaliano, hata kama baadaye alilitatua mwenyewe.

5. Wajibu wa idara

Mfumo ukizima kwa dakika 15, idara inahamia kwenye fomu za karatasi. Mfumo ukirudi, idara yenyewe inaingiza taarifa hizo ndani ya saa 24. Kifungu hiki kilitugharimu vikao viwili. Kitengo kitatoa mtu mmoja wa kusaidia, si wa kuwaingizia.

Mtumishi mpya aandikiwe ombi la akaunti siku 3 za kazi kabla ya kuripoti. Anayehama akaunti yake ifungwe siku anayoondoka. Kuazimana nywila ni marufuku: taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kila anayefungua faili lazima ajulikane.

6. Mapitio

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi Kitengo kitawasilisha tiketi zote zilizopitiliza muda, pamoja na sababu. Idara ikiona muda umevunjwa miezi 2 mfululizo, inaweza kuomba makubaliano yafunguliwe upya kabla ya Juni 2026.

Yamesainiwa tarehe 24 Juni 2025 na Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA na wakuu wa idara sita, mbele ya Mganga Mfawidhi.