Mgeni mwenye mikwaju 28 mkononi

Wanachama wapya, karibuni kwenye klabu yetu ya gofu hapa Kisumu.

Juzi mmoja wenu alinifuata kwenye baraza ya klabu, kadi mkononi. Yeye alipiga mikwaju 104, mzee aliyecheza naye akapiga 84, lakini yeye ndiye aliyepewa zawadi. Alidhani tumekosea. Hatukukosea. Mzee ana hendikapu 6, yaani mikwaju anayopunguziwa, hivyo neti yake, hesabu inayobaki, ni 78. Mgeni ana 28, neti yake 76, na ya chini ndiyo hushinda. Basi.

Hendikapu hutokana na kadi zako mwenyewe. Unaanza kwa kuwasilisha kadi za mashimo 54 kwa jumla, iwe raundi tatu kamili au vipande vya mashimo tisa tisa. Baadaye, kadi zikifika 20, huchukuliwa 8 bora na kupigwa wastani. Kiwango cha juu ni 54, kwa wanaume na wanawake sawa. Hupimwa pia dhidi ya ugumu wa uwanja, kwa hiyo ukienda Njoro au Kakamega usishangae mikwaju unayopewa ikibadilika kidogo.

Sasa tuingie kwenye mchezo wa mikwaju, maana hapa ndipo wageni huumia. Kila mkwaju unahesabiwa, hata ule wa kukosa mpira kabisa ikiwa ulikusudia kuupiga, na kila shimo lazima limalizwe. Wenzako hawawezi kukusamehe mkwaju wa mwisho. Mwaka wangu wa kwanza niliokota mpira ukiwa futi moja tu kutoka shimoni, nikasogea kwenye shimo linalofuata nikipiga gumzo. Kedi wangu, aliyenibebea fimbo, alinyamaza, nadhani kwa heshima. Ningeurudisha mahali pake kabla ya kuanza shimo jipya, ningelipa mkwaju mmoja tu. Sikuurudisha, nikaondolewa mashindanoni.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Tuseme uko kwenye shimo la pa 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, la 7 kwa ugumu, na hendikapu yako ni 28. Mashimo yote 18 hupata mkwaju mmoja mmoja, na 10 inayobaki huenda kwa mashimo 10 magumu zaidi, kwa hiyo hapo unapewa mikwaju miwili. Ukipiga 11, kwenye mashindano ni 11, hakuna mjadala. Lakini kwenye hesabu ya hendikapu shimo hilo huandikwa 8 tu: pa, jumlisha mbili, jumlisha miwili yako. Siku moja mbaya haikuharibii rekodi.

Kadi yako huandikwa na mwenzako, lakini kosa ni lako. Ukisaini 5 mahali ulipopiga 6, umeondolewa. Ukisaini 7, hiyo 7 inabaki. Kagua shimo baada ya shimo kabla hujaagiza soda.

Mpira uliopotea hutafutwa dakika 3. Mpira ukilala karibu na kiboko au mamba, usiwe shujaa: kanuni inakuruhusu kuangusha mwingine mahali salama, si karibu zaidi na shimo, bila adhabu.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa kwenye tii ya kwanza. Njoo na penseli.