Chumba cha Septemba kitupu

Hicho mnachokiona mezani ni kisanduku cha kadi za chanjo cha zahanati yetu, huku Mkinga. Kina vyumba 12, kila mwezi na chumba chake. Tazameni cha Septemba: hakuna kadi hata moja, na leo ni tarehe 30. Kadi za vyumba vingine nimezigeuza kabla ya kupiga picha, majina ya watoto wa watu yasisomeke.

Kwa aliye nje ya kazi hii, chumba kitupu ni mbao tu, kwa hiyo naomba niwaeleze kinachonifurahisha. Mtoto akija kliniki kwa mara ya kwanza, mama anaondoka na kadi yake na sisi tunabaki na nyingine yenye taarifa zilezile. Ile yetu tunaiweka kwenye chumba cha mwezi ambao mtoto anatakiwa kurudi. Akirudi akachanjwa, kadi inahamia chumba cha mwezi wa chanjo yake inayofuata. Asiporudi, inabaki pale pale. Mwisho wa mwezi zile zilizobaki ndizo tunazozibeba kwenda kuwatafuta wenyewe. Tangu nipewe dawati hili la chanjo sijawahi kufika mwisho wa mwezi nikakuta chumba kimeisha. Huu ndio wa kwanza.

Wadogo huwa hawatusumbui sana. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, mama bado ana mtoto mchanga, majirani wanamkumbusha, mama mkwe anamkumbusha. Miezi 9 nayo wanakuja, surua wanaijua na wanaiogopa. Kazi iko kwenye miezi 18. Hapo mtoto anakimbia uwanjani, anakula ugali na kila mtu, na mama anaona kliniki ilishaisha. Nimesikia mara nyingi mno: "Nesi, si alishachomwa ya surua huyu?" Alishachomwa, ndiyo. Lakini dozi ya kwanza ikitolewa kwenye miezi 9 inawakinga takriban watoto 85 katika kila 100. Wale 15 huwezi kuwajua kwa kuwatazama usoni. Dozi ya pili ndiyo inayowafikia, na Tanzania tunaitoa tangu 2014. Kwa surua, ugonjwa unaosambaa kwa hewa ya chumba kimoja tu, hao 15 wakikusanyika kijiji kimoja wanatosha kuleta msiba.

Kuna jambo moja tulilolibadilisha hapa ambalo naamini ndilo lililofanya kazi kubwa. Kichupa cha surua-rubela ni cha dozi 10. Ukishakichanganya, una saa 6 tu, kinachobaki kinamwagwa. Sasa fikiria amekuja mama mmoja, peke yake, siku ambayo hakuna mwingine. Mkono unakuwa mzito kufungua dozi 10 kwa mtoto mmoja, ukamwambia arudi siku ya kliniki. Huyo mama ametembea kutoka kitongoji cha mbali, mtoto mgongoni, ameacha shamba. Nani ana uhakika atarudi? Mganga mfawidhi wetu alikaa na sisi akasema wazi: mtoto akifika, kichupa kifunguliwe, hata kama ni yeye peke yake. Mwongozo wenyewe ndivyo unavyotaka. Nampongeza kwa hilo, maana yeye ndiye anayejibu akiulizwa kwa nini dozi zimemwagwa. Tangu hapo hakuna mama aliyefika dirishani kwetu na kadi akaambiwa njoo siku nyingine.

Jingine ni bahari. Nusu ya kina mama wetu waume zao ni wavuvi, na msimu ukigeuka familia nzima inaweza kuhamia dago, kambi ya muda ya wavuvi. Baba anavua, mama anakaanga samaki wa kuuza, watoto wako nao. Kadi ya mtoto wa namna hiyo ilikuwa ikikaa chumbani kwake miezi mpaka tunamwandika mtoro. Neno hilo sikulipenda kamwe. Mama yule hajatoroka kitu, amefuata riziki. Kwa hiyo siku hizi mama akija tunamuuliza kabisa, mnategemea kuhama lini na mnaelekea wapi? Tunaandika kwa penseli pembeni ya kadi. Na tunamwambia kwamba kadi aliyo nayo inafanya kazi zahanati yoyote, asingoje kurudi kwetu.

Kadi ya mwisho ya Septemba ilikuwa ya mtoto wa aina hiyo. Mhudumu wetu wa afya ya jamii alikwenda nyumbani kwao akakuta mlango umefungwa. Akamuuliza bibi wa jirani, bibi akamtajia dago walilokwenda na kumpa namba ya simu ya baba. Baba alipopokea yuko majini, upepo unavuma, hatusikilizani. Jioni mama mwenyewe akapiga. Nikamweleza, nikamtajia zahanati iliyo karibu nao. Asubuhi ya leo simu yangu ikaingia picha: kadi ya mtoto, mstari wa miezi 18 umejazwa tarehe na sahihi ya muuguzi wa huko, na sauti ya mama, "Dada nesi, keshachomwa, kalia kidogo kanyamaza. Nifutie huko kwako." Nikampigia yule muuguzi mwenzangu kuhakikisha, kisha nikajaza rejesta na kuitoa kadi chumbani. Nimeisikiliza ile sauti zaidi ya mara moja.

Najua hiki ni chumba kimoja cha kisanduku kimoja, katika zahanati ambayo wengi wenu hamtaisikia tena. Kuna wenzetu wanaochanja watoto wengi kuliko sisi kwa siku moja, na wanafanya kazi nzuri. Lakini najivunia, na nalisema bila haya, kwa sababu nawajua watoto walio nyuma ya kila kadi iliyotoka humo, na wote mwezi huu wamepata haki yao.

Shukrani zangu ziende kwa mhudumu wetu wa afya ya jamii, ambaye baiskeli yake imepita vitongoji vyote na hajawahi kuniambia kesho. Kwa mwenyekiti wa kitongoji cha pwani, aliyewatangazia watu baada ya swala ya Ijumaa bila hata kuombwa mara ya pili. Kwa dada wa usafi, ambaye kila asubuhi kabla ya kushika fagio anachungulia kipimajoto cha jokofu na kuniita kikisogea karibu na 8 au karibu na 2. Kwa bibi wa jirani na namba yake ya simu. Na kwa kina mama, ambao ndio waliobeba watoto jua kali mpaka dirishani.

Chumba cha Oktoba kimejaa, nimekihesabu jioni hii na kina watoto wengi wa miezi 18. Mkazi wa huku mwenye mtoto wa umri huo, fungua kadi yake leo usiku utazame mstari wa surua-rubela ya pili. Ukiwa wazi, njoo kesho kuanzia saa 2 asubuhi, siyo lazima iwe siku ya kliniki. Aliye dago anipigie, nitamwelekeza pa kwenda.