Ombi la Kalavati Moja Kabla ya Msimu wa Korosho

CHAMA CHA USHIRIKA WA MAZAO NA MASOKO (AMCOS) MKWAJUNI
Kijiji cha Mkwajuni, Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara

Kumb. Na. AMCOS/MKJ/B/14
15 Julai 2024

Mkuu wa Wilaya,
Ofisi ya Mkuu wa Wilaya,
NEWALA.

K.K. Afisa Mtendaji wa Kata

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KALAVATI KWENYE KORONGO LA MKWAJUNI KABLA YA TAREHE 30 SEPTEMBA 2024

Tunaomba jambo moja. Tunakuomba umwelekeze Meneja wa TARURA wa Wilaya amtume mhandisi kukagua korongo lililokata barabara yetu ya kwenda Newala mjini kabla ya tarehe 5 Agosti, na kalavati lijengwe kabla ya tarehe 30 Septemba, ili korosho za msimu wa 2024/2025 zifike ghala kuu kwa lori.

Korongo hilo liko kilomita 3 kutoka ghala la chama, chini kidogo ya pale barabara inapoanza kupanda mlima. Lilichimbika kwa mvua kubwa za El Nino za Desemba 2023. Kiangazi hiki pikipiki inapita na gari dogo linapita kwa taabu. Lori lenye mzigo halipiti kabisa. Barabara nyingine hatuna.

Msimu uliopita tulikusanya magunia 5,200 ya kilo 80. Magunia 1,900 kati ya hayo yalisafirishwa baada ya barabara kukatika, ikabidi yashushwe, yavushwe kwa kubebwa na watu na kupakiwa upya ng'ambo kwa shilingi 1,500 kila gunia. Hiyo ni shilingi 2,850,000. Magunia 140 yalilowa, yakashushwa daraja, na wenyewe wakapoteza shilingi 300 kwa kila kilo, yaani shilingi 3,360,000. Jumla ni shilingi 6,210,000 zilizotoka mifukoni mwa wakulima 312, na wengi wao wana mikorosho isiyozidi ekari tatu.

Hatuji mikono mitupu. Mkutano mkuu wa wanachama wa tarehe 29 Juni 2024 ulipitisha mchango wa shilingi 4,000,000 kutoka mfuko wa chama, tripu 20 za mawe ambayo tayari tumeanza kuyakusanya, na watu 30 kila siku kwa siku 10 za kazi. Ukubwa wa kalavati na gharama yake atavisema mhandisi. Sisi hatukutaka kukisia.

Endapo fedha za kalavati hazipo katika bajeti iliyoanza mwezi huu, tunaomba angalau greda na kifusi cha kutuvusha hadi Januari, na kalavati liingizwe katika mpango wa mwaka ujao. Lakini tunasema wazi kwamba kifusi peke yake kitakwenda na maji, kama mifuko yetu ya mchanga ilivyokwenda.

Mnada wa korosho hufunguliwa Oktoba na mvua zetu huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba. Kazi ikianza baada ya hapo, tutakuwa tumechelewa.

Mwenyekiti na Katibu wako tayari kuja ofisini kwako siku yoyote utakayowaita. Mhandisi akija, tutampokea ghalani na kumpeleka korongoni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

*(Saini)* Selemani, Mwenyekiti wa Bodi
*(Saini)* Hadija, Katibu

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Meneja wa TARURA (W), Afisa Ushirika (W), Diwani wa Kata, Chama Kikuu cha TANECU.

Viambatisho: 1. Muhtasari wa mkutano mkuu wa tarehe 29 Juni 2024. 2. Maelezo ya mtunza ghala.

---

KIAMBATISHO NA. 2: MAELEZO YA MTUNZA GHALA

Mimi ndiye ninayepokea, kupima na kuandika korosho za wanachama wa Mkwajuni, huu ukiwa msimu wangu wa sita. Bodi imeniagiza niandike niliyoyaona, kwa kuwa ndani ya barua ya ukurasa mmoja yasingeenea.

Mvua iliyokata barabara ilinyesha usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 2023. Asubuhi nilikwenda na vijana wawili tukakuta barabara imeishia hewani. Upande wa kulia udongo umebebwa wote, upande wa kushoto umebaki ukingo mwembamba wa mchanga, mtu akiukanyaga unamong'onyoka. Kwetu huku udongo ni mchanga mtupu. Maji yakishapata njia hayaiachi, kila mvua inapanua ile ya jana. Siku hiyo hiyo tulijaza mchanga mifuko 200 tukaipanga. Ilikaa usiku mmoja.

Wakati huo nilikuwa na magunia zaidi ya 600 ghalani, na wakulima bado wanaleta. Ghala letu ni dogo. Nililazimika kupanga magunia mpaka karibu na mlango, jambo ambalo mtunza ghala yeyote anajua halifai, maana hewa haipiti na korosho zinavuta unyevu.

Tarehe 22 Desemba tulianza kuvusha. Lori lilisimama ng'ambo. Kila gunia lilibebwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakishuka kwenye maji yaliyofika magotini na kupanda upande wa pili kwa kushika mizizi. Gunia la Mama Zuhura, nambari 7 kati ya tisa alizoleta, lilichanika katikati ya korongo. Korosho zilimwagika majini. Mama Zuhura alishuka mwenyewe na watoto wake watatu wakaanza kuziokota, moja moja, wakizitia kwenye kanga aliyoifunga shingoni. Giza liliingia, wakaendelea kwa tochi ya simu. Walichopata nilikipima mimi kesho yake: kilo 31, na zote zimelowa. Tulizianika siku mbili kwenye turubai katikati ya manyunyu. Zilipofika ghala kuu kipimo cha unyevu kikazikataa daraja la kwanza, na hata korosho chache zilizokatwa kuangaliwa ubora zilikuwa zimeanza kubadilika rangi ndani. Mama huyo alikuwa amepulizia salfa kwa wakati, mikorosho yake haikuguswa na ubwiriunga, na korosho zilitoka kwangu safi na kavu. Kilichomshusha daraja ni mita kumi na mbili za barabara.

Naomba pia niseme habari ya kangomba, kwa sababu inaigusa Halmashauri moja kwa moja. Korosho zikichelewa kufika ghala kuu zinakosa mnada wa wiki hiyo na kusubiri mwingine, na hela ya mkulima inasubiri nazo. Januari shule zinafungua. Mzazi anayetakiwa kununua sare na madaftari hasubiri. Ndipo wanapokuja wale wa usiku na pikipiki zao, wanapima kwa bakuli, wanalipa taslimu, nao korongo haliwazuii kwa kuwa hawabebi tani kumi. Katika kitabu changu kuna wanachama 41 walioleta mzigo wa kwanza Novemba na kusema wazi kwamba wanao mwingine nyumbani, kisha hawakurudi. Sikuwaona wakiuza, kwa hiyo simtaji mtu. Lakini korosho inayopita njia hiyo haiingii kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anapunjwa kwenye bakuli, na ushuru wa mazao wa asilimia 3 hauonekani popote. Barabara ikipitika, mkulima akilipwa mapema, mnunuzi wa usiku hana la kumwambia.

Barabara hii si ya korosho peke yake. Juni na Julai tunapitisha ufuta, baadaye mbaazi. Mwezi Februari tulimbeba mjamzito kwa kitanda cha kamba kutoka upande wetu hadi kwenye gari lililosubiri ng'ambo. Alifika kituo cha afya salama na mtoto yupo, anaitwa Baraka. Sikuiweka habari hii ili kumtia mtu huruma. Nimeiweka kwa sababu waliombeba ni vijana wale wale waliobeba magunia, na walikuwa wanajua wapi pa kukanyaga.

Kuhusu mawe: hadi leo tumekusanya tripu 6, zimemwagwa kando ya barabara upande wa juu, mahali ambapo maji hayafiki. Mchanga upo tele. Saruji, nondo na mabomba hatuna uwezo navyo, na hata tungekuwa navyo hatuna utaalamu. Mwaka huu hatutaki tena kujaribu wenyewe. Mifuko 200 ya mchanga imetufundisha kwamba nguvu zetu bila mhandisi zinaliwa na maji.

Jambo la mwisho ni kwa ajili ya mhandisi mwenyewe. Atakuja kiangazi, atakuta korongo kavu, na anaweza kuliona dogo. Tarehe 20 Desemba, maji yakiwa bado juu, nilipigilia msumari kwenye shina la mwembe ulio upande wa kushoto kama unatoka kijijini, pale pale maji yalipofika. Nilifunga na kipande cha kitambaa chekundu. Nimekwenda juzi, msumari upo. Kutoka msumari ule hadi chini ya korongo nimepima kwa kamba, nikapata mita 2 na sentimita 40.